Nani Aliyesema Tingatinga Hakusoma?

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, jijini Dar es Salaam. Alikuwa ametoka Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja mjini kutafuta kazi za nyumbani na vibarua. Darasa la uchoraji hakulipata. Alichukua vipande vya hadibodi vya mraba, takriban sentimita 60 kwa 60, akanunua rangi ya kopo, ile inayopakwa baiskeli, akachora chui, viboko na ndege. Picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, walikopita Wazungu wakienda kununua mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi.

Tangu hapo, vitabu na majumba ya maonyesho humweka katika fungu moja na wachoraji wanaoitwa wa kitoto, yaani waliojifundisha wenyewe na kuchora kwa hisia bila kujua kanuni. Ni sifa inayotolewa kwa nia njema, lakini inaficha mambo mawili: ufundi wenyewe, na mtu aliyepewa mamlaka ya kusema ufundi upi unahesabika.

Tuanze na ufundi. Rangi ya baiskeli haichoreki kama rangi za mafuta wanazotumia wanafunzi wa vyuo. Zile za vyuo hukawia kukauka, kwa hiyo mchoraji anaweza kurudi kesho yake akalainisha kivuli cha shavu au mkunjo wa nguo. Rangi ya kopo huanza kushika mapema. Ukiirudia kwa brashi inaacha michirizi na uso wa picha unaharibika. Kwa hiyo mchoraji wa Tingatinga hupanga kazi yake kwa tabaka. Hupaka kwanza rangi ya chini juu ya ubao mzima, akaiacha ikauke. Kisha huchora umbo la mnyama kwa mkono mmoja usiositasita, akalijaza rangi moja, akasubiri tena. Madoa, mistari ya manyoya na macho huja mwisho, kwa brashi nyembamba. Wino mweupe wa jicho ukitangulia kabla tabaka la chini halijakauka, huzama au hutambaa. Yule chui bapa asiye na kivuli, ambaye mtazamaji wa mbali anamwona kuwa ni wa kitoto, kwa sehemu kubwa ametokana na tabia ya rangi hiyo na mchoraji aliyeijua vizuri.

Ufundi huo ulifundishwa. Kabla hajafa, Tingatinga alikuwa amewakusanya vijana, wengi wao jamaa zake, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Kaspar Tedo na Ajaba Abdallah Mtalia. Walijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi. Mwanafunzi huanza na kazi za chini: kupaka ubao, kujaza maumbo yaliyochorwa na mwenzake, kutia madoa. Akishaaminiwa mkono ndipo huchora umbo mwenyewe. Baada ya kifo cha mwalimu waliendelea hivyo hivyo, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho hadi leo kinachukua wanagenzi. Shule hii ina mwalimu, ngazi na mtihani wa kila siku mbele ya mnunuzi. Kilichokosekana ni cheti.

Mtu anaweza kujibu kwamba wasomi wa sanaa hawaangalii cheti, wanaangalia picha yenyewe. Hapo ndipo kisa cha Sam Ntiro kinapofaa. Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka 1937, kisha akaenda Slade, shule ya sanaa yenye jina kubwa London. Baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Picha zake za watu wakilima, wakivuna na kupeleka pombe ya ndizi harusini ni bapa, hazina vivuli vya kufanya miili ionekane ya duara, na watu wa mbali hawapungui ukubwa kama kanuni za Ulaya zinavyotaka. Wapo wahakiki walioziita za kitoto. Hata hivyo, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalinunua picha yake mwaka 1960, na yeye mwenyewe ameandikwa katika historia kama mwanzilishi wa sanaa ya kisomi Afrika Mashariki. Ntiro alipoacha vivuli, alihesabiwa kuwa amechagua. Tingatinga alipoviacha, alihesabiwa kuwa hajui. Tofauti haikutoka kwenye ubao. Ilitoka kwenye wasifu wa mchoraji.

Kisa cha tatu kinakwenda mbali zaidi. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Watu waliiita Hangar. Aliwapa vijana wa Kikongo karatasi, rangi na mshahara, akawakataza kuiga picha za Ulaya. Alitaka, kama alivyoona yeye, vipaji vya Kiafrika vitoke vikiwa safi. Pilipili Mulongoy akachora samaki, nyoka na ndege katikati ya majani yaliyopambwa hadi ukingoni. Mwenze Kibwanga akajenga miili kwa mistari mifupi ya rangi iliyopangwa sambamba. Bela Sara akachovya vidole na kuchora kwa ncha zake. Picha zilipelekwa Ulaya zikasifiwa kwa kutoguswa na mafunzo. Lakini mwalimu alikuwapo kila siku: ndiye aliyechagua vifaa, aliyeamua picha ipi inafaa kuonyeshwa, na aliyezuia elimu ambayo wanafunzi wake wangeweza kuitaka. Kutosomea kwao kulikuwa ndiyo mtaala. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana iliingizwa katika chuo cha sanaa cha mji huo, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu.

Kupangwa katika fungu hili au lile kuna matokeo kwenye mfuko wa msanii. Anayeitwa wa kitoto hutakiwa abaki hivyo. Akijaribu somo jipya au vifaa vipya, wanunuzi husema ameharibika. Tena sifa ya kujifundisha mwenyewe humfaa mtu wa kwanza tu. Ubao wa Tingatinga mwenyewe hununuliwa kama kazi ya sanaa, wakati ule wa mwanafunzi wa mwanafunzi wake, wenye tabaka zilezile na mkono ulioiva miaka ishirini, huuzwa kama kumbukumbu ya safari. Pengo hilo la bei limewapa waghushi kazi. Jina la mwalimu limeandikwa kwenye mbao ambazo hakuzigusa, kwa hiyo saini peke yake haithibitishi kitu. Wachunguzi hutazama umri wa ubao, namna rangi ilivyozeeka, na utungaji: yeye mara nyingi alichora mnyama mmoja mkubwa juu ya uwanja mtupu, ilhali misongamano ya wanyama wengi na mandhari yaliyojaa ilishamiri mikononi mwa waliomfuata.

Majumba ya sanaa yana njia rahisi ya kurekebisha hili. Kibao kinachowekwa kando ya picha kinaweza kuacha neno la kujifundisha mwenyewe, kikaandika alijifunza kwa nani, kwa muda gani, na kwa rangi ipi. Kwa January Linda kingesema: mwanafunzi wa Edward Tingatinga, Dar es Salaam. Kwa mchoraji wa Ulaya aliyekulia katika karakana ya fundi mkubwa, makumbusho yamekuwa yakiandika hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba mtu huyo hakusoma.