Mtoto Akizidiwa Baada ya Chanjo

Mama amempeleka mtoto wake wa majuma kumi na manne kliniki asubuhi. Mtoto amechomwa sindano ya pajani inayomkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda na magonjwa mengine mawili. Jioni mwili unachemka, na usiku mtoto anapata degedege. Je, wazazi wafanye nini? Na habari hiyo iishie wapi?

Homa kidogo, paja kuvimba na mtoto kulialia kwa siku moja au mbili ni mambo ya kawaida. Lakini yako mengine yasiyongoja kupambazuke: degedege, kulia mfululizo kwa zaidi ya saa tatu, kulegea mwili mzima bila kuitika, au kuvimba uso na kupumua kwa shida. Hili la mwisho huja upesi, mara nyingi katika dakika chache baada ya sindano. Ndiyo maana mama huombwa asubiri kliniki nusu saa kabla ya kuondoka.

Mtoto mwenye degedege mlaze kwa ubavu na umlegeze nguo. Usimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, wala usimnyweshe dawa. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue kadi yake ya kliniki. Mweleze mganga alichanjwa lini, saa ngapi, na dalili zilianza saa ngapi. Mganga atatafuta pia magonjwa mengine, kama vile malaria au homa ya uti wa mgongo, kwa sababu jambo kutokea baada ya chanjo si lazima liwe limeletwa na chanjo.

Mtoto akishatulia, kazi haijaisha. Rudi kituo alikochanjwa, au mwombe mganga aliyemtibu, ajaze fomu ya taarifa. Fomu hiyo huenda kwa mratibu wa chanjo wa wilaya, kisha mkoani, na mpaka Mpango wa Taifa wa Chanjo na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Mzazi mwenyewe pia anaweza kutoa taarifa TMDA. Baadaye taarifa za nchi nyingi hukusanywa Uppsala, huko Sweden, katika kituo kinachoshirikiana na Shirika la Afya Duniani.

Tukio likiwa zito, wachunguzi hufika kituoni. Hutazama namba ya toleo la chanjo, na kama jokofu lilikuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Huuliza pia swali hili: watoto wengine waliochomwa kutoka toleo lilelile siku hiyo wakoje? Kama wengi wa kituo hicho wameugua, na wa vituo vingine wenye toleo hilo ni wazima, basi kosa linatafutwa kituoni, pengine katika kuchanganya au kuhifadhi. Kama wanaugua wa kila mahali, toleo lenyewe linatiliwa shaka. Kama ni mmoja tu, huenda ni mwili wake, au ni ugonjwa uliosadifiana na chanjo.

Je, fomu moja ina faida? Tazama yaliyotokea Marekani. Mwezi Agosti 1998 chanjo ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota iliruhusiwa huko, baada ya kujaribiwa kwa watoto wapatao elfu kumi. Kisha zikaanza kufika taarifa za watoto ambao utumbo wao ulijiingiza ndani yake wenyewe na kuziba. Kufikia Julai 1999 zilikuwa 15 tu. Zilitosha chanjo ikasimamishwa, uchunguzi ukafanyika, na mwezi Oktoba ikaondolewa. Madhara hayo yaliwapata karibu mtoto mmoja kati ya elfu kumi, na majaribio ya awali yasingeweza kuyaonyesha waziwazi. Chanjo za rota zilizofuata huko Marekani zilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kila moja kabla ya kuruhusiwa huko. Hata hivyo, mtoto akitapika, akilia kwa vipindi na kutoa choo chenye damu baada ya chanjo hiyo, akimbizwe hospitali.

Limebaki swali la sindano inayofuata. Usiamue peke yako nyumbani. Mtoto aliyevimba uso na kushindwa kupumua hapaswi kupewa tena chanjo ileile. Aliyepata degedege la homa mara nyingi huendelea na chanjo, lakini kwanza mganga ampime. Hakikisha jambo lililotokea limeandikwa kwenye kadi yake, maana muuguzi wa zamu siku hiyo huenda akawa mwingine, naye atajua tu yale atakayoyasoma humo.