Shosho, sinia la maharagwe na riba inayozaa riba

Kwa hesabu ya mjukuu wake, shosho huyu wa Njoro, kaunti ya Nakuru, alipaswa kuwa na shilingi milioni 927. Msichana huyo wa kidato cha pili alikuwa amesikia kwamba chama cha nyanya yake hutoza mkopo riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Akachukua kikokotoo cha simu, akaingiza shilingi 10,000, akaziongeza asilimia 10 kila mwezi, riba ya mwezi huu ikizaa riba mwezi ujao, mpaka ikatimia miaka 10. Jibu lilipotoka aliwaita wadogo zake wawili waje kulitazama, kisha akamuuliza nyanya yake pesa zote hizo amezificha wapi.

Shosho alicheka. Hesabu haikuwa na kosa, na chama chake kimedumu zaidi ya miaka 20, lakini yeye bado anaishi kwenye nyumba ile ile ya mabati. Badala ya kujibu, alileta sinia na debe la maharagwe. Aliyoyafundisha jioni ile ni mambo ambayo wanachama wengi wa vyama hawajawahi kuketi wakayapigia hesabu. Alikubali nisimulie, mradi nisilitaje jina lake wala la chama, kwa sababu nyumba inayolala na sanduku la pesa haitangazwi gazetini.

Chama chake ni cha aina iliyoenea sana Bonde la Ufa. Wanawake 20 hukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja huweka shilingi 500 mezani, na pesa hizo hukopeshwa papo hapo kabla watu hawajainuka. Mkopaji huzirudisha mkutano unaofuata pamoja na riba, na riba hiyo huingia kwenye mfuko wa wote. Shirika la Joyful Women, lililoanzishwa mwaka 2009, lilieneza mtindo huu katika kaunti nyingi, ingawa vijiji vingi vilikuwa na mizunguko ya akiba tangu zamani. Siku ya mkutano, sanduku huwekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanawake watatu ambao hawalali nyumba moja na sanduku hilo. Mweka hazina huhesabu kwa sauti, katibu huandika, na anayechelewa hulipa faini kabla ya kukalia kiti.

Wajukuu watatu ndio waliokuwa chama cha jioni ile. Kila mmoja alipewa maharagwe 40 na kuambiwa aweke 10 kwenye sinia kila mkutano. Mkutano wa kwanza yakapatikana 30. Kaka yao wa kati, mwenye papara, akayakopa yote. Akayarudisha na riba yake: 33. Mkutano wa pili wakaongeza 30, sinia likawa na 63. Akakopa tena yote, akarudisha 69, sehemu ya harage ikiachwa. Wadogo kwa wakubwa wakaanza kushangilia. Mkutano wa tatu sinia lilifika 99, akayakopa, na safari hii riba ilikuwa karibu maharagwe 10. Akaangalia mbele yake. Lilikuwa limebaki harage moja.

"Shosho, sina."

"Ulipoyakopa uliyafanyia nini?"

Hakuwa ameyafanyia chochote. Aliyashika mkononi akisubiri mkutano. Riba yote aliyolipa ilitoka kwenye fungu lake mwenyewe, na kilichoongezeka kwenye sinia ndicho kilichopungua kwake. Chama kizima kilikuwa na maharagwe 120 mwanzo, na mpaka mwisho yalikuwa 120 yale yale, hata kama sinia lilionekana kunenepa.

Hapo ndipo shosho alipochota konzi moja kutoka kwenye debe na kuyaongeza kwenye fungu la kijana. Hili, akawaambia, ndilo soko la Wakulima pale Nakuru mjini. Mwanachama anayekopa 10,000 kununua viazi vya Shangi huko Mau Narok na kuviuza mjini wiki hiyo hiyo, anaweza kuzungusha pesa hizo mara tatu au nne kabla ya mkutano. Riba ya 1,000 haimuumizi kwa sababu imetoka kwa mnunuzi aliye nje ya chama. Lakini anayekopa 10,000 za karo Januari harudishi faida yoyote mwezi Februari. Riba yake inatoka kwenye maziwa, kwenye kuku, au kwenye mkopo mwingine.

Kwa hiyo zile milioni 927 zinakwama mahali pawili. Kwanza, riba haiwezi kuzaa riba mpaka apatikane mtu wa kuikopa, kila mwezi, shilingi zote bila kubakisha. Chukua mwaka mmoja tu wa chama cha watu 20. Michango ni 10,000 kwa mwezi, jumla 120,000. Zikikopwa zote kila mkutano na kurudi zote kwa wakati, mwezi mmoja baada ya mchango wa 12 mfuko ungekuwa na 235,227, karibu mara mbili ya walichoweka. Shosho anasema hajawahi kuuona mwaka wa namna hiyo. Januari kila mtu anataka mkopo na pesa hazitoshi. Kuna miezi mingine sanduku hurudi nyumbani likiwa zito kwa sababu hakuna mwenye biashara ya kubeba riba hiyo. Pesa iliyolala sandukuni haizai.

Pili, chama huvunja sanduku kila Desemba. Wanahesabu kila kitu, wanagawana kulingana na michango, na Januari wanaanza upya. Desturi hii ina sababu nzuri. Mtindo wa vikundi vya akiba ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, uliweka mgao wa mwisho wa mzunguko kuwa nguzo yake, kwa kuwa mgao ndio ukaguzi ambao hata asiyejua kusoma anaukagua. Madeni yote lazima yarudi, pesa zionekane, kila mtu aondoke na zake mkononi. Chama kisichovunja sanduku kinaweza kubaki tajiri daftarini tu. Dalili yake anaijua shosho: mwanachama analipa riba peke yake kila mwezi na mkopo "unafanywa upya" bila kurudi mezani. Mkiona hivyo miezi mitatu mfululizo, anasema, hesabuni deni hilo kama limepotea.

Hata hivyo, mgao unakata mti kila unapofikia kuzaa. Riba limbikizi inataka miaka, na Desemba inairudisha kwenye mwaka wa kwanza. Shosho na wenzake walitatua jambo hili kwa kulitenganisha. Sanduku huvunjwa hadharani kama kawaida, kila mtu anashika chake, kisha anayetaka anaondoa sehemu na kuipeleka kwenye amana zake katika Sacco, siku hiyo hiyo, kabla ya Krismasi kuiona. Sanduku linabaki la mwaka mmoja, na Sacco ndiyo inayoshika miaka mingi. Amana hizo huwezi kuzitoa ukitaka tu. Unazipata unapojiuzulu uanachama, na wengi hulalamikia hilo. Shosho analipenda.

Riba ya amana hutangazwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na hapo mwanachama huchagua: aichukue taslimu au aiongeze kwenye amana. Shosho aliwawekea wajukuu mfano wa wanawake wawili, kila mmoja na 20,000, riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Wa kwanza huchukua 2,000 zake kila mwaka. Wa pili haigusi. Baada ya miaka saba, wa kwanza amepata jumla ya 34,000 ukihesabu na mtaji wake, wa pili ana 38,974. Tofauti haifiki hata 5,000, na ndiyo maana watu wengi huchoka hapo. Baada ya miaka 20, wa kwanza ana jumla ya 60,000. Wa pili ana 134,550. Mwaka wa ishirini peke yake umemletea wa pili zaidi ya 12,000, huku mwenzake akipokea 2,000 zile zile.

Njia ya mkato ya kujua pesa itajizidisha mara mbili lini ni kugawa 72 kwa kiwango cha riba. Kwa asilimia 10 ni kama miaka saba na kidogo. Msichana wa kikokotoo aliikubali njia hiyo mara moja, kisha akauliza swali ambalo shosho alikuwa akilingoja: na bei ya unga je?

Bei nayo hulimbikiza. Zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, 72 ukigawa kwa 6 unapata 12: kila miaka 12 bei zinakuwa maradufu. Serikali nayo hukata kodi ya asilimia 15 kwenye riba ya amana, hivyo asilimia 10 inabaki 8.5 mkononi. Kwa hesabu hiyo yule wa pili hafiki 134,550 bali kama 102,000, na bidhaa zilizogharimu 20,000 alipoanza sasa zinagharimu kama 64,000. Amesonga mbele, lakini kwa mwendo wa kobe. Yule wa kwanza amebaki na mtaji wa 20,000 ambao hauwezi tena kununua hata theluthi ya bidhaa zile. Wala kiwango cha asilimia 10 si ahadi. Sacco hutangaza zaidi mwaka huu na pungufu mwaka ujao, na kabla ya kuweka chochote ni vyema kuangalia kama imo kwenye orodha ya zilizopewa leseni ya kupokea amana na mamlaka ya SASRA.

Somo la mwisho lilimhusu yule kijana aliyebaki na harage moja. Shosho alimwambia ahesabu deni lake: kama riba asiyoilipa ingeongezwa kwenye mkopo kila mwezi, 10,000 kwa asilimia 10 zingepita 19,000 mwezi wa saba na 21,000 mwezi wa nane. Amana inangoja miaka minane kwa kazi ambayo deni linaimaliza katika miezi minane. Ndiyo sababu chama chao hakitozi riba juu ya riba iliyochelewa. Hutoza faini ya kawaida na kuwaita wadhamini wawili, kwa kuwa waliona mapema kwamba deni linalokua hivyo halilipwi, na mwenye nalo huacha kuja mkutanoni.

Wajukuu sasa wana mradi wa mayai, na shosho amewapa uhuru wa kuchagua kiasi cha kuacha kila Desemba. Msichana anaacha nusu. Mdogo anaacha yote kwa sababu hana anachotaka kununua bado. Kijana wa kati alichukua zake zote mwaka wa kwanza akanunua viatu, na shosho hakumzuia. Alichomwomba ni kimoja tu: aandike kwenye daftari lake, kila mwaka, pesa hizo zingekuwa ngapi leo.