Kahawa ambayo Mama aliinunua kwa Baba

Mama alinipigia simu usiku, nikiwa bado ofisini. "Yule kijana anayenisaidia na ukurasa wa Instagramu anataka maneno ya kuweka chini ya picha ya paketi," akasema. "Nilianzaje kukaanga kahawa. Wewe ndiye mwandishi, niandikie. Yasiwe marefu."

Mimi huandika habari za afya, biashara si fani yangu, lakini kwa mama hakuna fani. Nikamwandikia kwa dakika kumi kwamba tangu utotoni aliipenda harufu ya kahawa ya mlimani na daima aliota kuifikisha mezani kwako. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huyu uliyemwandika ni nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mama hakuwahi kunywa kahawa mpaka alipotimiza miaka 46. Kwetu Marangu kahawa iko kihambani, chini ya migomba, lakini nyumbani tunakunywa chai. Tuliichuma, tukaimenya, tukailaza usiku ili utelezi uachie, tukaiosha na kuianika kwenye chekeche. Ikikauka iliingia guniani ikiwa bado na ganda lake jembamba, ikapelekwa chama cha msingi. Baada ya hapo ikawa haituhusu. Na fedha yake ilikuwa ya Baba. Kwa Wachaga wa umri wa wazazi wangu, ndizi na maziwa ni vya mama, kahawa ni ya baba, na hakuna aliyehitaji kuandikishiana.

Mambo yalibadilika Krismasi moja nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuja na rafiki yangu wa Dodoma, naye akaomba kwa adabu kahawa ya Kilimanjaro. Magunia matatu yalikuwa yameegemea ukuta nyuma ya kiti chake. Mama akatuma mtoto dukani kununua kahawa ya kopo. Mgeni akanywa, akashukuru, lakini Mama aliona aibu mpaka Januari.

Mgeni alipoondoka, Mama alimwomba Baba kilo tano. Baba akasema kahawa si ya kuchezea jikoni. Mama hakubishana. Jumamosi alishusha ndizi soko la Mwika, akarudi na fedha, akaziweka mezani na kusema anataka kununua kilo tano kwa bei ileile ya chama. Baba alimtazama, kisha akaenda kuchukua mizani.

Kilo tano zile ndizo zilizomfundisha karibu kila kitu. Alizitwanga polepole kwenye kinu ili ganda litoke bila kuvunja punje, akapepeta kwa ungo. Alipopima akakuta kilo nne. Aliapa kwamba Baba amempunja, mpaka alipoyapima na makapi. Akakaanga kidogo kidogo, na mwisho wa yote akabaki na kilo tatu na gramu mia nne hivi. Safari hii hakukuwa na makapi ya kupima: kilichopotea ni maji yaliyokuwa ndani ya punje, pamoja na ngozi nyembamba inayopeperuka jikoni. Yeye alikuwa amepanga bei akitegemea paketi ishirini za robo kilo. Akapata kumi na tatu na kipande, akauza zote kwa hasara bila kujua, huku akifurahi.

Na zile za kwanza hazikunyweka. Aliwasha mkaa mwingi, sufuria ikashika moto, kahawa ikawa nyeusi kwa dakika chache. Ukiipasua punje namna hiyo utaona nje imeungua na katikati bado imepauka. Ukiinywa, ulimi unapata majivu na majani mabichi kwa pamoja. Alichohitaji ni moto wa wastani, usiopanda wala kushuka, na nusu kilo tu kwa wakati mmoja, mwiko usitulie hata kidogo. Punje hugeuka manjano na jikoni hunukia kama mkate. Baadaye huwa kahawia, halafu inaanza kulia: paa, paa, kama bisi. Mama husubiri mlio huo uanze kupungua, anahesabu dakika moja, kisha anamwaga kwenye ungo na kupepea kwa nguvu. Hapo ndipo wengi hukosea. Punje ina moto wake ndani, ukiiacha sufuriani inaendelea kujikaanga hata kama umeshaiepua. Kazi nzima ni kama robo saa. (Naye huifanyia uani, nimemkatalia jikoni. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na hilo nimeliandika gazetini mara nyingi mno kumwacha mama yangu mwenyewe alivute.)

Somo la mwisho lilitokea kwenye basi. Alipata oda ya paketi kumi kwenda Arusha, akakaanga asubuhi, akafunga kwa mshumaa zikiwa na uvuguvugu, mchana zikasafiri. Zilifika zimevimba kama mito, mbili zimepasuka. Mteja akadhani zimeoza. Kumbe kahawa iliyotoka motoni huendelea kutoa hewa kwa siku kadhaa, na nyingi hutoka mwanzoni. Sasa anaiacha ipumue siku nzima kwanza, kisha anaifunga kwenye paketi zenye kitundu maalumu kinachotoa hewa bila kuingiza ya nje. Paketi hizo ni ghali, na analalamika kila anapozinunua.

Tuliporudi kwenye yale maneno, tuligombana mara mbili. Kwanza alitaka niandike kwamba kahawa yake inashusha presha na kuongeza damu. Nikakataa. Kwa asiyeizoea, kahawa huweza kuipandisha presha kwa muda, na ikinywewa pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata humo, yaleyale ya kuongeza damu. "Basi niandike nini?" akauliza. Nikamwambia aandike kwamba ni tamu.

La pili lilikuwa gumu. Nilitaka habari ya Baba na mizani iwemo. Mama hakutaka watu wamcheke mumewe. Tuliachia hapo siku tatu, mpaka Baba mwenyewe alipochukua simu. Siku hizi yeye ndiye anayezungusha pipa la kukaangia, na bado anamwuzia Mama kahawa, kwa mizani. "Andika," akasema. "Ila useme sikumpunja."

Haya ndiyo yaliyokwenda chini ya picha:

"Karibu. Nimelima kahawa maisha yangu yote, lakini nilikuwa na miaka 46 nilipoonja yangu. Mgeni aliiomba, sikuwa nayo, nikaona aibu. Kilo tano za kwanza nilizinunua kwa mume wangu, kwa fedha ya ndizi zangu, kwa bei ya chama. Hakunipunja. Nyingi niliziunguza. Leo nakaanga Jumatano na Jumamosi, nusu kilo nusu kilo, na tarehe ya kukaanga ninaiandika kwa mkono kwenye kila paketi. Haitibu ugonjwa wowote, binti yangu amenikataza kusema hivyo. Ni tamu. Ukifika Marangu, uliza nyumba yenye harufu, nitakuchemshia."

Mama alirekebisha sehemu moja tu. Mimi nilikuwa nimeandika "nitakuuzia".