Nishati Inayosomwa Kwenye Mteremko wa Grafu

Gesi ya dinaitrojeni pentoksaidi, N₂O₅, haina rangi na haidumu. Ukiiweka kwenye chombo chenye nyuzi 0 za Selsiasi, nusu yake huvunjika kwa muda wa siku 10 hivi na kuacha oksijeni pamoja na gesi ya kahawia, naitrojeni dayoksaidi. Ukiiweka kwenye nyuzi 65, nusu huvunjika kabla ya dakika 2 na nusu kwisha.

Tofauti hiyo inashangaza zaidi ukihesabu kwa kelvini, yaani kuanzia sifuri halisi ya joto. Kutoka 273 hadi 338 halijoto imepanda kwa chini ya robo. Mwendo wa molekuli wenyewe umeongezeka kwa asilimia 11 tu. Lakini kasi ya kuvunjika imepanda zaidi ya mara elfu 6. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba vitu vikipata joto hukimbia na kugongana zaidi. Kuna jambo jingine.

Mwaka 1889 mwanakemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipokuwa akichunguza jinsi asidi inavyoivunja sukari ya miwa, alipendekeza kwamba si kila molekuli iko tayari kubadilika. Ni zile chache tu zilizokusanya nishati ya kutosha kuvuka kizingiti fulani. Joto likipanda kidogo, idadi ya hao wachache huongezeka mno. Urefu wa kizingiti ndio nishati ya uamilisho, Ea, na fomula yake huandikwa hivi:

k = A e^(−Ea/RT)

Hapa k ni kigezo cha kasi. Kwa mmenyuko kama huu wa N₂O₅, hutueleza ni sehemu gani ya gesi iliyobaki inayovunjika kila sekunde. T ni halijoto kwa kelvini, R ni kigezo cha gesi, yaani juli 8.314 kwa kelvini kwa moli, na A ni namba ambayo tutaijia baadaye. Tatizo ni kwamba Ea imekaa ndani ya kipeo, na huwezi kuiona kwa kuangalia namba za k. Chukua logi asilia pande zote mbili, nayo inajitokeza:

ln k = ln A − (Ea/R)(1/T)

Sasa ni mstari mnyoofu. Ukiweka ln k kwenye mhimili wima na 1/T kwenye mhimili mlalo, mteremko wa mstari ni −Ea/R. Kazi yote ya ripoti ya kinetiki inahusu mteremko huo: kuupata, na kujua unaaminika kwa kiasi gani.

Tuifanye kwa vipimo halisi. Mwaka 1921 Wamarekani Farrington Daniels na Elmer Johnston walichapisha kasi za kuvunjika kwa N₂O₅ walizozipata kwa kufuatilia shinikizo la gesi likipanda ndani ya chombo kilichofungwa. Namba zao zimefundishia vizazi vya wanafunzi, nazo zinafaa hata leo.

| Selsiasi | k (kwa sekunde) | 1/T (kwa kelvini) | ln k |
|---|---|---|---|
| 0 | 7.87 × 10⁻⁷ | 0.003661 | −14.06 |
| 25 | 3.46 × 10⁻⁵ | 0.003354 | −10.27 |
| 35 | 1.35 × 10⁻⁴ | 0.003245 | −8.91 |
| 45 | 4.98 × 10⁻⁴ | 0.003143 | −7.60 |
| 55 | 1.50 × 10⁻³ | 0.003047 | −6.50 |
| 65 | 4.87 × 10⁻³ | 0.002957 | −5.32 |

Nyuzi 0 ile ya mstari wa kwanza ina faida yake. Mwanafunzi aliyesahau kugeuza Selsiasi kuwa kelvini atakwama papo hapo, kwa sababu 1 haigawanyiki kwa 0. Bila pointi hiyo kikokotoo kisingelalamika, kingetoa jibu la ovyo kwa utulivu kabisa.

Ukipitisha mstari bora katikati ya pointi 6, mteremko unakuwa −12,388. Zidisha kwa 8.314, ondoa alama ya kutoa, na unapata juli 103,000 kwa moli, yaani kilojuli 103. Aliyetumia logi ya kizio 10 badala ya logi asilia, kisha akasahau kuzidisha kwa 2.303, ataandika kilojuli 44.7. Hesabu yake itaonekana safi, na grafu yake itakuwa imenyooka vilevile.

Hadi hapa ni jambo la vitabuni. Lakini vitabu vingi hupenda kumpa mwanafunzi halijoto mbili tu na kumwambia atafute Ea. Mimi naona mazoezi hayo yanafundisha tabia mbaya. Jaribu kwa namba hizihizi. Chukua nyuzi 45 na 55 pekee: utapata kilojuli 95.7. Chukua 55 na 65: utapata 108.6. Maabara ni ileile, gesi ni ileile na mikono ni ileile, ila majibu mawili yameachana kwa karibu kilojuli 13, na hakuna hata moja lililo sahihi. Kosa liko kwenye pointi ya nyuzi 55, iliyokaa chini kidogo ya mstari, na ile ya 45, iliyokaa juu kidogo. Unapogawanya kwa tofauti ndogo ya 1/T, kasoro ndogo hukuzwa. Pointi 6 zilizotandazwa kuanzia 0 hadi 65 huzifanya kasoro hizo zifidiane.

Kasoro zenyewe ni ndogo kiasi gani? Pointi zilizo mbali zaidi na mstari zimeachana nao kwa 0.04 kwenye ln k, ambayo ni asilimia 4 ya k. Hapo inafaa kuuliza kipimajoto kabla ya kuilaumu saa. Kwa nishati ya kilojuli 103, kwenye nyuzi 45 hitilafu ya nyuzi 1 hubadilisha k kwa asilimia 12. Theluthi moja tu ya nyuzi inatosha kuzaa asilimia 4 hizo. Ndiyo maana beseni la maji lenye kidhibiti joto kizuri lina thamani kuliko saa ya kupima mamia ya sekunde, na ndiyo maana ripoti iliyoandika “halijoto ilikuwa takribani nyuzi 45” imekwisha kujiharibia.

Kwenye maabara za shule jambo hili lina sura yake. Wengi waliosoma kemia ya sekondari wanaukumbuka msalaba uliochorwa kwenye karatasi na kuwekwa chini ya bika. Unapasha moto mmumunyo wa sodiamu thayosalfeti, unamimina asidi ya hidrokloriki, kisha unahesabu sekunde mpaka ukungu wa salfa uufunike msalaba. Huna k hapo, una muda t tu. Lakini ukiweka ujazo na ukolezi uleule kila mara, 1/t hupanda na kushuka sambamba na k, na grafu ya ln(1/t) hutoa mteremko uleule. Kinachohama ni urefu wa mstari kutoka chini, kwa hiyo Ea unaipata ila A huipati.

Mtego uko kwenye kumimina. Umesoma nyuzi 60 kwenye thayosalfeti, kisha ukatia asidi iliyokaa mezani kwa joto la chumba. Mchanganyiko umeshuka pengine hadi 56, na wewe umeandika 60. Kosa hilo ni kubwa zaidi upande wa joto kali na ni dogo upande wa baridi, kwa hiyo halijoto ulizoandika zimeachana kuliko zilivyoachana kweli. Mteremko unalala, na Ea inatoka ndogo kuliko ilivyo. Dalili yake ni pointi za joto kali kuinama chini ya mstari, zote upande mmoja. Pointi zilizotawanyika juu na chini bila mpango ni hitilafu za kawaida za kupima, lakini zinazojikunja kwa pamoja zina sababu, na sababu hiyo itafutwe kabla mstari haujachorwa. Dawa yake ni kupasha moto mimiminiko yote miwili na kupima joto baada ya kuchanganya.

Tukirudi kwa N₂O₅, ripoti haikamiliki kwa kuandika 103 peke yake. Programu za majedwali zinatoa mteremko pamoja na hitilafu yake kwa amri moja. Ikiwa 1/T iko safu ya C na ln k iko safu ya D:

```
=LINEST(D2:D7,C2:C7,TRUE,TRUE)
```

Mstari wa kwanza wa jibu ni mteremko na mahali mstari unapokata mhimili wima. Mstari wa pili ni hitilafu za namba hizo mbili. Kwa vipimo vya 1921 hitilafu ya mteremko ni 57, sawa na kilojuli 0.5. Kwa uhakika wa asilimia 95, kwa kuwa pointi ni 6 tu, inakua hadi kilojuli 1.3. Basi unaandika 103.0 ± 1.3, na desimali za ziada zilizojaa kwenye skrini unaziacha hukohuko.

Namba A ni maskini zaidi. Mhimili wima unakatwa kwenye 31.3, na A inakuwa karibu 3.9 × 10¹³ kwa sekunde. Lakini mahali hapo 1/T ni sifuri, yaani halijoto isiyo na kikomo, wakati pointi zetu zote zimebanana kati ya 0.0030 na 0.0037. Tumeurefusha mstari mbali sana na mahali tulipopima. Kwa uhakika uleule wa asilimia 95, A inaweza kuwa popote kati ya 2.3 na 6.5 mara 10¹³. Ea tumeijua kwa asilimia 1 hivi. A tumejua ukubwa wake tu, na mwenye kuandika tarakimu 4 za A anajidanganya.

Kisha kuna suala la hiyo 103 ni ya nini hasa. Ni rahisi kudhani ni kizingiti kimoja ambacho molekuli ya N₂O₅ inakivuka na kuvunjika. Sivyo ilivyo. Molekuli hugawanyika kwanza kuwa NO₂ na NO₃, na mara nyingi vipande hivyo huungana tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni mara chache tu NO₃ hugongana na NO₂ kwa namna inayotoa oksijeni, na hapo ndipo njia ya kurudi inapofungwa. Grafu haizioni hatua hizo moja moja. Inaona jumla: gharama ya kuigawa molekuli pamoja na kizingiti cha hatua inayofuata. Wanakemia huiita nishati ya uamilisho inayoonekana, na kwenye ripoti neno hilo la mwisho lisiachwe, pamoja na masafa ya halijoto yaliyopimwa, nyuzi 0 hadi 65. Nje ya masafa hayo hatua nyingine inaweza kushika usukani, na mstari ukapinda mahali ambapo hakuna aliyepima.