Jawabu Lililopotea na Jawabu Lililozuka

Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Pili mlinganyo x² = 5x. Wengi watagawanya pande zote kwa x, wapate x = 5, wapige mstari chini na kwenda swali linalofuata. Ukiwaambia wahakiki jawabu lao, watahakiki: 5 mara 5 ni 25 upande huu, na 5 mara 5 ni 25 upande ule. Sawa kabisa. Kumbe sifuri nayo inatimiza mlinganyo huo, na haionekani popote kwenye daftari.

Mwanafunzi huyu si mzembe. Tangu alipokutana na 3x = 12 amefundishwa kwamba ukigawanya pande zote kwa kitu kilekile, usawa haubadiliki. Ni kweli, maadamu kigawanyo si sifuri. Katika 3x = 12 kigawanyo ni 3, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kuuliza. Lakini x ni namba ambayo bado hatuijui, na huenda ndiyo sifuri yenyewe. Anayegawanya kwa x ameshaamua kimyakimya kwamba x si sifuri, na kwa uamuzi huo amelitupa jawabu moja kabla ya kulitafuta.

Njia salama ni kuhamishia vyote upande mmoja: x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0. Zao likiwa sifuri, lazima mmoja wa vigawo vyake uwe sifuri, basi x ni 0 au 5. Hata hivyo sioni faida ya kupiga marufuku kugawanya. Mwanafunzi anaweza kuandika, “Kama x ni sifuri, pande zote ni sifuri, hilo ni jawabu; kama si sifuri, nagawanya.” Mstari huo mmoja unatosha. Na mtego haujifichi kwenye herufi peke yake tu: katika (x − 3)(x + 2) = 4(x − 3), anayefuta mabano yanayofanana anapata 2 na kuipoteza 3.

Kosa la pili linakwenda kinyume. Tuchukue √(x + 7) = x − 5. Ili kuondoa alama ya kipeuo, tunazidisha kila upande kwa wenyewe: x + 7 = x² − 10x + 25. Tukikusanya tunapata x² − 11x + 18 = 0, yaani (x − 2)(x − 9) = 0. Majibu yanaonekana kuwa 2 na 9. Tuyarudishe mwanzo. Kwa 9, kipeuo cha 16 ni 4, na 9 − 5 ni 4. Kwa 2, kipeuo cha 9 ni 3, ila 2 − 5 ni −3. Basi 2 si jawabu.

Imetoka wapi, ikiwa hakuna hesabu iliyokosewa? Imetoka kwenye hatua ya kuzidisha. Namba 3 na −3 hazilingani, lakini kila moja ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 9. Hatua hiyo imefuta tofauti ya chanya na hasi, ikauchanganya mlinganyo wetu na mwingine tusioulizwa, −√(x + 7) = x − 5. Namba 2 ni jawabu halali la huo mwingine. Mwanafunzi akioneshwa jambo hili haraki tena kwa sababu mwalimu kasema. Anahakiki kwa kuwa anajua kuna mgeni anayeweza kuwa ameingia.

Hapa ndipo ushauri wetu wa kila siku, “hakiki jawabu lako,” unapofikia mpaka wake. Kuhakiki kunamfichua aliyezuka, kwa kuwa yupo karatasini na anaweza kupimwa. Aliyepotea hayupo, kwa hiyo hakuna cha kupima. Kwa kugawanya, ulinzi lazima uje kabla ya hatua. Kwa kipeo cha pili, unaweza kuja baada yake.

Kuna pia wanaozidisha kila kipande peke yake: x = √(x + 7) + 5 inageuka x² = x + 7 + 25. Hilo ni kosa jingine, la kusahau kwamba upande mzima ndio unaozidishwa, na dawa yake ni kukiacha kipeuo peke yake upande mmoja kwanza.

Kama unataka swali moja la kupima yote mawili, andika ubaoni x√(x + 6) = x². Anayegawanya kwa x anabaki na √(x + 6) = x, kisha x + 6 = x², na kutoa 3 na −2. Majibu sahihi ni 0 na 3. Idadi ni ileile, mawili kwa mawili, na mwalimu anayesahihisha kwa kupitisha macho mstari wa mwisho anaweza kuweka vema huku jawabu moja likiwa limepotea na jingine limezuka.