Taulo za kike: nafuu ilihamia kwa nani?

Chukua pakiti ya taulo za kike inayofika Kilosa au Mikumi, bei yake, kwa mfano, shilingi 2,000 kabla ya kodi. VAT ya asilimia 18 huongeza 360. Sheria ya Fedha ya 2018 ilisamehe kodi hiyo. Ya 2019 ikairudisha, Serikali ikisema bei haikushuka madukani. Badala yake, viwanda vipya vya taulo vikapunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili.

Nafuu, basi, ilitoka kwenye pakiti ikaenda kwenye faida ya mwenye kiwanda. Hata msamaha ule ulikuwa na tundu: kiwanda hakikuweza kurudishiwa VAT kilichoilipa kwenye malighafi, kwa hiyo sehemu yake ilibaki ndani ya bei aliyolipa msichana.