Kiwango Kimoja Hupotosha Bei ya Kazi

Chukua karakana ya samani. Kwa mwezi, umeme, matengenezo na uchakavu hugharimu chumba cha mashine shilingi 8,000,000 kwa saa 400 za kazi. Chumba cha msasa na vanishi hutumia 2,000,000 tu kwa saa 1,600. Ukigawa jumla kwa saa zote, kila saa hubeba 5,000.

Mlango wa saa 10 basi hubebeshwa 50,000. Lakini saa 8 kati ya hizo ni za mashine, na huko saa moja ni 20,000. Kwenye vanishi ni 1,250. Gharama yake halisi ni 162,500! Kiti cha saa 1 ya mashine na 9 za vanishi ni 31,250, nacho pia hubebeshwa 50,000.

Kwa hiyo wateja wa milango humiminika, wa viti hukimbia, na faida haionekani. Kama kazi zote zingepita vyumba hivyo kwa uwiano uleule, kiwango kimoja kingetosha. Hapa hakitoshi: kila chumba kiwe na kiwango chake.